Usilipe fremu kabla hujajua kwa nini jirani anafunga mapema

HESABU ZA MTAANI
Na Salma Mbwambo

Anayetaka kufungua steshenari karibu na chuo hupita mtaani mchana mmoja, akasoma bei zilizobandikwa ukutani, akaona kila duka linatoza shilingi 200 kwa ukurasa wa kuprinti. Hapo hapo anaamua kwamba yeye atatoza 150. Jioni anaonana na dalali, anakabidhi kodi ya miezi sita, na wiki inayofuata fundi anapiga rangi.

Huo ndio uchunguzi wa washindani kama unavyofanywa mitaani kwetu, na una kasoro moja kubwa. Unaangalia kitu ambacho jirani anaweza kukibadilisha kwa dakika moja. Siku utakayobandika 150, mwenzako atachukua kalamu ya maka na kuandika 150. Saa zake za kazi na huduma anazozijua haziwezi kubadilika kirahisi hivyo, kwa sababu zimefungwa na familia yake, mashine alizonazo na ujuzi wa kijana aliyemwajiri. Huko ndiko pengo linalodumu hupatikana, na hulioni kwa kupita mara moja.

Tuchukue mfano wa mtaa mmoja wenye steshenari nne, kwenye barabara ya kutoka chuoni kwenda hosteli. Bei na hesabu zote humu ni za mfano. Za mtaa wako utazikusanya mwenyewe.

Anza na saa. Usiamini kibao cha mlangoni. Pita saa 1 asubuhi wanafunzi wanapoelekea darasani, rudi saa 7 mchana, rudi tena saa 2 usiku, kisha pita Jumapili. Andika mlango gani umefunguliwa, na kama aliyemo anafanya kazi kweli au anasubiri bosi alete ufunguo wa chumba cha mashine. Tuseme vibao vyote vinne vinasema saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, lakini ulichokiona ni kwamba maduka mawili hufunga saa 12 jioni na mengine mawili saa 1 usiku.

Mlango uliofungwa peke yake hauthibitishi kitu. Kaa kwa muuza chips ng'ambo ya barabara kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku na uhesabu wanaofika wakiwa na flashi au simu mkononi, wanatazama mlango, wanaondoka. Fanya hivyo wiki nzima, si usiku mmoja. Katika mfano wetu, Jumatatu hadi Alhamisi wanafika wastani wa watu 12 kila usiku, Ijumaa na Jumamosi wawili tu, na Jumapili 15, kwa kuwa kazi nyingi za darasani hukusanywa Jumatatu. Hesabu hii haimwoni aliyekwisha kata tamaa na hatoki tena chumbani usiku, kwa hiyo waulize wanafunzi wa hosteli wanaprinti wapi mambo yanapokuwa ya haraka. Jibu lao litakutajia mshindani ambaye hayupo barabarani kabisa: mwanafunzi mwenzao mwenye printa chini ya kitanda.

Baada ya saa, sikiliza huduma. Ingia kila duka kama mteja, toa fotokopi yako, na usiwe na haraka. Hesabu mara ngapi mhudumu anasema "hiyo hatuna" au "nenda pale mbele". Hayo majibu yana uzito kuliko orodha ya huduma iliyoandikwa ukutani. Yapange kwa sababu zake. Kuna huduma inayokosekana kwa kuwa mashine haipo, kama kuprinti karatasi za A3 kwa wanafunzi wa michoro. Kuna inayokosekana kwa kuwa ujuzi haupo. Na kuna inayokosekana kwa kuwa hailipi, na hii ndiyo hatari, kwa sababu kwa nje inafanana na zile mbili.

Mfano mzuri wa pengo la ujuzi ni maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo dirisha lake hufunguliwa katikati ya mwaka. Mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Anaprinti fomu, anaipeleka serikali ya mtaa na kwa wakili ikagongwe mihuri, kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Karibu kila steshenari ina skana. Kinachokosekana ni mtu atakayekagua kama saini zote zipo, mihuri inasomeka na jina la kwenye cheti linalingana na la kwenye fomu, kabla mteja hajabofya kitufe cha mwisho. Maduka yanayokubali kazi hiyo bila kuijua huwarudisha watu nyumbani na fomu zenye makosa, na utawasikia wakilalamika hapo hapo mlangoni. Ukilijaza pengo hilo, weka sharti moja: mteja aandike nywila yake mwenyewe, asikuachie kwenye daftari.

Bei iwe ya mwisho, na usilinganishe vibandiko. Beba kazi moja ile ile, mathalani kurasa 10 za kuprinti na kubaindi kwa spairo, uipeleke maduka yote manne. Andika ulicholipa, dakika ulizosubiri, na kama chenji ilipatikana. Huenda duka lenye kibandiko cha 150 likakutoza shilingi 500 za "kufungua flashi", na kazi ikakufikia baada ya dakika 40. Wateja wake hawaendi pale kwa ajili ya bei. Wanakwenda kwa sababu liko karibu na geti. Mtu wa namna hiyo humchukui kwa kupunguza shilingi 50.

Sasa tazama punguzo lenyewe lina gharama gani. Rimu ya karatasi 500 ikiwa shilingi 13,000, karatasi moja ni shilingi 26. Ongeza tona, umeme na uchakavu wa mashine, tuseme ukurasa mmoja unakugharimu shilingi 80. Ukiuza kwa 200, unabaki na 120. Ukiuza kwa 150, unabaki na 70. Aliyekuwa akiprinti kurasa 100 kwa siku na kubaki na shilingi 12,000 atalazimika sasa kuprinti kurasa 172 ili abaki na kiasi kile kile. Na hapo jirani hajachukua kalamu yake bado.

Turudi kwenye pengo la usiku, maana sasa tunaweza kulipima. Kukaa wazi hadi saa 4 kunahitaji kijana wa zamu kwa shilingi 5,000, bodaboda ya kumrudisha nyumbani 2,000, na 1,000 za umeme na mchango wa mlinzi. Jumla ni 8,000. Ukigawanya kwa 120, unahitaji kurasa 67 kila usiku ili urudishe gharama tu. Mwanafunzi akiprinti kurasa 10, ni wateja saba. Uliowahesabu ni 12, lakini wote hawatanunua: mmoja hana hela, mwingine faili lake halifunguki. Chukua nusu, yaani sita. Hao wanaacha shilingi 7,200, na umepungukiwa 800.

Hesabu hiyo inasema kwamba kuprinti peke yake hakubebi usiku wa katikati ya wiki. Lakini ukiwa na mashine ya kubaindi, na kila kitabu kikakuachia faida ya shilingi 1,200, mteja mmoja tu wa kubaindi anaziba upungufu. Jumapili, nusu ya watu 15 ni saba na ushee, nao wanatosha. Ijumaa na Jumamosi hazitoshi kwa namna yoyote. Kwa hiyo nafasi yako mtaani si "tuko wazi usiku". Ni kuprinti na kubaindi hadi saa 4 usiku, Jumapili hadi Alhamisi, chuo kinapokuwa wazi. Likizo ndefu ikiingia, barabara ile inabaki na muuza chips peke yake, nawe unafunga saa 12 kama wenzako.

Kuna swali moja ambalo wengi hawaulizi, na ndilo linalotenganisha pengo na shimo: kwa nini watu wanne, ambao wamekaa hapo miaka, wameliacha wazi? Usimuulize mwenye duka, atakujibu anavyotaka. Muulize mlinzi wa usiku, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, na aliyewahi kupanga fremu unayoitaka. Ukiambiwa mama mwenye duka la pili anawahi kupika na yule wa tatu anakaa mbali, huo ni upungufu wao, na kwako ni nafasi. Ukiambiwa duka moja liliwahi kukesha, likavunjwa na mashine zikabebwa, gharama yako ya usiku si 8,000 tena. Ongeza nondo, taa na mlinzi wa uhakika, kisha rudia kugawanya. Huenda ukakuta wale wanne walishapiga hesabu hiyo kabla yako.

Wapo wanaoona aibu kuchunguza jirani, wakidhani ni umbea. Kuingia dukani, kununua na kutumia macho si kosa. Kumhonga kijana wa duka akupe daftari la mauzo ni jambo jingine, na aliyekuuzia siri za bosi wake atauza na zako. Kuwaendea wote wanne mkae mpange bei moja ni kubaya zaidi: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na sheria hiyo haiachi mlango kwa kisingizio cha ujirani mwema.

Naijua hoja ya upande wa pili: mtaji ni mdogo, fremu nzuri hazikai, ukisubiri wiki mbili utakuta mwingine ameingia. Ni kweli fremu hazikai. Lakini kodi tunalipa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mwenye nyumba hakurudishii hata senti ukigundua mwezi wa pili kwamba ulichokiita pengo ni barabara isiyo na watu. Wiki mbili za kukaa kwa muuza chips zinakugharimu sahani chache na usingizi kidogo.

Kwa hiyo kabla hujamtumia dalali hela, chukua karatasi moja uandike mambo matatu: saa gani na siku gani utakuwa wazi wenzako wamefunga, huduma gani utaifanya sawasawa wanayoikosea, na kwa nini wao hawafanyi. Kama mstari wa tatu bado ni mtupu, usilipe fremu.