Majibu kwa Watetezi wa Kimya

Hoja zenyewe mmezisikia. Vyuo vikifunga na wanafunzi wa Siha wakapanda kutoka Moshi, zinafika nao Sanya Juu: steshenari wanakoprinti risechi, ndani ya Noah isiyojaa, hata mezani mbele ya wazazi waliolipa ada. Wanaozitoa si wajinga, na wengine ni walimu. Wanasema anayetumia akili mnemba katika kazi ya chuo hana sababu ya kusema, na akitaka kusema, mstari mmoja unatosha. Nitazipitia zikiwa na nguvu zake zote, nanyi muamue.

Hoja ya kwanza: ChatGPT ni chombo kama kikokotoo, na hakuna aliyewahi kuandika kwenye risechi kwamba alitumia kikokotoo. Hilo ni kweli. Hakuna anayetaja kikokotoo, wala kamusi, wala programu inayopiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Lakini fungueni sura ya tatu ya tasnifu zenye takwimu zinazoandikwa Moshi, mara nyingi mtakuta sentensi inayosema data zilichambuliwa kwa SPSS, tena na toleo lake. SPSS nayo ni chombo. Inatajwa kwa sababu ikitumiwa vibaya matokeo yanapinda, na msomaji ana haki ya kujua aanzie wapi kukagua. Kanuni ya vyuo basi haijawahi kuwa kwamba chombo hakitajwi. Kanuni ni kwamba kinachogusa matokeo kinatajwa, kisichoyagusa kinaachwa. Wenzetu wameuona mfano wa kikokotoo na kuuruka wa SPSS, ulioko katika kazi zao wenyewe.

Tena hoja hiyo haidumu mpaka jioni. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini akiuliza asilimia fulani imetoka wapi, tunaambiwa, "Hiyo iliwekwa na AI." Kwenye kurasa za mwanzo kilikuwa chombo kisichostahili hata sentensi, mbele ya jopo kimekuwa mtu wa kubebeshwa lawama. Wachague moja. Kama ni kikokotoo, kosa ni la aliyebonyeza. Kama ni mshirika, kwa nini alifichwa?

Hoja ya pili inatoka kwa waungwana zaidi: nimeitaja ChatGPT kwenye orodha ya marejeleo, kwa hiyo nimekuwa mkweli na deni limekwisha. Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu mwanafunzi anafanya jambo linalofanana na uaminifu. Marejeleo yana kazi moja, kumwonyesha msomaji dai limetoka kwenye chanzo gani ili akalithibitishe. Mazungumzo na ChatGPT hayathibitishi lolote kuhusu kahawa ya Siha. Ukiuliza swali lilelile kesho, unaweza kupata jibu jingine. Kuandika kwamba uzalishaji ulishuka kisha ukaweka ChatGPT kwenye mabano kama chanzo ni kutaja shahidi ambaye hakuwepo.

Tuchukue mwanafunzi wa kubuni anayechunguza kwa nini wakulima wanahama vyama vya msingi vya ushirika, zile AMCOS, na kuuza kahawa kwa walanguzi. Amefanya mahojiano 12 kwa Kiswahili, na tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza. Ametumia chombo hicho mara nne: kunyoosha Kiingereza, kutafsiri mahojiano, kuyapanga majibu katika mada, na kutafuta makala za kusoma. Mstari mmoja kwenye marejeleo unaeleza ipi kati ya hizo nne? Hakuna hata moja.

Kunyoosha lugha ni msaada wa uandishi, na mahali pake ni ukurasa wa shukrani au tamko la mwanzo. Tafsiri na upangaji wa mada ni sehemu ya mbinu za utafiti, kwa hiyo vinakwenda sura ya tatu pamoja na SPSS. Mgawanyo huu sikuubuni mimi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, iliuweka kwenye miongozo yake: msaada wa kuandika utajwe katika shukrani, kazi ya kukusanya au kuchambua data na kutengeneza michoro itajwe katika mbinu. Mwanafunzi wa ushirika hafungwi na kamati ya madaktari, lakini sababu yake inamhusu vilevile.

Sababu yenyewe inaonekana kwenye tafsiri. Mkulima amesema, "Bado nasubiri malipo ya pili." Kila mwanachama wa AMCOS anajua hiyo ni fedha ambayo chama kinamlipa baada ya kahawa kuuzwa, juu ya malipo ya awali aliyopata alipopeleka mzigo. Mashine isiyoujua mfumo huo inaweza kuitafsiri kana kwamba ni awamu ya pili ya deni la mkulima. Anayedai amegeuka anayedaiwa, na mada ya "madeni ya wakulima" imezaliwa kwenye sura ya nne bila mkulima hata mmoja kulalamikia deni. Msomaji aliyeambiwa kwamba tafsiri ilifanywa na mashine atajua pa kuchimba. Asiyeambiwa atadhani mtafiti aliyasikia hayo kwa masikio yake.

Tamko linalofaa basi linasomeka hivi: "Tafsiri za awali za mahojiano 12 zilitolewa na ChatGPT mwezi Mei 2025. Mtafiti alilinganisha kila tafsiri na sauti iliyorekodiwa na kusahihisha istilahi za malipo ya kahawa. Mada zilizopendekezwa na chombo zilitumika kama rasimu, na mtafiti alizipanga upya kwa mkono." Lina chombo, tarehe, kazi iliyofanywa, na jinsi ilivyokaguliwa. "Nilitumia AI kuboresha kazi" haina hata kimoja cha kukagua.

Na matumizi ya nne, ya kutafuta makala? Hayo yanaweza kutajwa kwenye mbinu pia, lakini kinachoingia kwenye marejeleo ni makala zenyewe, baada ya kuzifungua na kuzisoma. Vyombo hivi vinaweza kuunda rejeleo ambalo mwandishi wake yupo, jarida lipo, na makala haipo. Dawa yake haihitaji utaalamu. Fungua orodha ya toleo hilo la jarida uone ukurasa uliotajwa una makala gani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, kwa kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT na kuendelea kuzitetea zilipotiliwa shaka. Kuzitafuta kwanza kungewaepusha.

Kuna jambo moja ambalo tamko haliwezi kulitengeneza. Kabla ya mashine kutafsiri, mahojiano yalipakiwa kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, labda yakiwa na jina la mkulima, kijiji chake na malalamiko yake dhidi ya mwenyekiti wa chama. Fomu ya ridhaa ilimwahidi siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti kabla ya taarifa kama hizo kuvuka mpaka. Majina yanaondolewa kabla ya kupakia, na mkulima anaelezwa kabla ya kutia saini. Kumwambia mtahini baadaye hakumsaidii mkulima.

Hoja ya tatu ni fupi na majibu yake ni mafupi: mtindo wa APA unaweka OpenAI mahali pa mwandishi, kwa hiyo hata APA inakubali mashine inaandika. Someni vizuri. Aliyewekwa pale ni kampuni iliyotengeneza programu, kama SPSS inavyorejelewa kwa jina la IBM. Sijasikia mtu akidai IBM imeandika tasnifu ya mtu. MLA, wao, wanasema waziwazi akili mnemba isichukuliwe kama mwandishi, na rejeleo linaanza na maelezo ya swali lililoulizwa.

Hoja ya nne ina uzito: supavaiza anarekebisha Kiingereza, rafiki anasoma rasimu, mhariri analipwa, na hakuna anayeitwa mwandishi mwenza, mashine ina kosa gani? Haina, na hakuna anayetaka iitwe mwandishi mwenza. Lililojaribiwa likarudishwa ni hilo hasa. Jarida la uuguzi la Nurse Education in Practice lilichapisha makala yenye ChatGPT kama mwandishi wa pili, kisha mwaka 2023 likatoa masahihisho na kuliondoa jina hilo. Nature ilitangaza Januari mwaka huohuo kwamba haitapokea chombo kama mwandishi. Science ilianza kwa kukataza hata maandishi yake, kisha Novemba ikalegeza na kuruhusu kwa sharti la kutamka; suala la mwandishi haikulilegeza. Mstari umechorwa kwenye uwajibikaji. Mwandishi ni yule anayeweza kuidhinisha nakala ya mwisho, kuitwa akikosea, na kuomba kazi yake iondolewe. Supavaiza na rafiki wanaweza kuhojiwa juu ya walichofanya, na ndiyo maana wanashukuriwa kwa majina. Mfano wa wenzetu unadai kutaja, kisha wanautumia kutetea kutotaja.

Hoja ya tano: Turnitin imenipa sifuri, kwa hiyo niko safi. Kwanza, asilimia ya mfanano na asilimia ya akili mnemba ni vipimo viwili; sifuri ya kipimo cha kwanza haisemi lolote juu ya cha pili. Pili, vigunduzi hivi havistahili imani hiyo, wala havistahili kumfukuzisha mtu chuo. OpenAI yenyewe ilitoa kigunduzi Januari 2023 ikikiri kwamba kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu, kisha ikakiondoa Julai. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba, Turnitin haikuwamo, kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilisingiziwa kuwa za mashine. Mnaelewa hiyo inamhusu nani kuanzia Sanya Juu hadi Bukavu. Kwa mwandishi wa aina yetu, ulinzi ni rasimu zilizohifadhiwa kwa tarehe, mazungumzo na chombo yaliyohifadhiwa, na sauti za mahojiano. Anayetegemea sifuri ya kigunduzi leo anakabidhi hatima yake kwa kipimo ambacho kesho kinaweza kumpa 80 bila sababu.

Imebaki hoja yao bora: anayetamka anaadhibiwa, anayenyamaza anapita. Nakubali kwamba si woga wa bure. Oliver Schilke na Martin Reimann wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha mwaka 2025 majaribio 13 yaliyoonyesha kwamba anayetamka matumizi ya akili mnemba huaminiwa pungufu. Lakini wenzetu wanaishia hapo. Majaribio hayohayo yalionyesha kwamba anayefichuliwa na mtu mwingine hupoteza imani zaidi ya aliyejitaja. Kwa hiyo hesabu ya kimya inalipa kwa sharti moja tu, kwamba usigundulike milele, na tasnifu hukaa kwenye maktaba ya chuo kwa miaka mingi ikisomeka.

Penye idara isiyo na kanuni, lawama ni ya idara, na hapo nakubaliana nao kabisa: kumwadhibu mtu kwa kanuni ambayo haikuandikwa ni uonevu. Ila hilo linadai kuuliza mapema, kwa maandishi. Kabla ya kwenda fild, mwanafunzi amwandikie supavaiza barua pepe ya mistari mitatu: chombo gani, kwa kazi gani, na itatajwa sura ipi. Jibu, hata likiwa "hapana", lihifadhiwe kwenye faili moja na fomu za ridhaa.