Wito kwa wananchi wa Hombo: panga lipite motoni

Wananchi wa Hombo, ng'ambo zote mbili za mto, sisi mliotutuma Mulungu tumerudi, na neno letu la kwanza ni asante kwa wenyeji wetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA huko. Walituingiza shambani na kujibu maswali yetu yote, hata yale tuliyorudia.

Mnajua tulichofuata: mnyauko wa migomba. Hapa Kongo ulitambuliwa kwanza Masisi, mwaka 2001. Nani kati yetu hajaona majani yakilegea na kugeuka manjano, au ndizi zikiiva kabla ya wakati huku ndani zina rangi ya kahawia? Ukikata shina lenye ugonjwa, utomvu wa manjano hujitokeza baada ya muda mfupi.

Zamani tuliambiwa tung'oe kisiki chote na machipukizi yake. Ni kazi ya kuvunja mgongo, wengi tuliishia njiani, wala hakuna wa kulaumiwa.

Mulungu wametuonyesha kazi nyepesi zaidi. Kata shina linaloumwa peke yake, chini kabisa, usawa wa udongo, mara unapoona dalili. Mengine yaache. Kwa nini? Kwa sababu bakteria wa mnyauko hawafiki katika kila chipukizi la kisiki, na mengi yatakuzalia mkungu salama. Lakini upite shambani kila juma. Ukipita mara moja ukasahau, ugonjwa utakushinda.

Na panga je? Hapo ndipo tulipokaa sana. Panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba bakteria hadi mgomba wa pili, na hadi shamba la jirani aliyeliazima. Lipitishe motoni hadi chuma kiwe cha moto kweli, ndipo uendelee. Je, kibarua wako analijua hilo? Mweleze kabla hajaanza kupunguza majani.

Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, livunje kwa fimbo yenye panda mara chane ya mwisho inapotokea. Usitumie kisu. Wadudu hutua pale ua linapodondosha maganda yake, wakaacha ugonjwa. Wenye ndizi za kasiksi, hili linawahusu zaidi, maana wadudu huzipenda.

Sasa tunaomba hatua moja. Tuchague shamba moja Hombo Kaskazini na jingine Hombo Kusini, yote ya watu walio tayari. Kila juma majirani wapite pamoja, wakate, na waandike katika daftari mashina mangapi yameondolewa. Baada ya miezi sita tuwaalike wenyeji wetu wa Mulungu, waje kulisoma daftari hilo na kutuambia tumekosea wapi.

Mama, baba, kijana, nani atatoa shamba lake? Mwambieni mkuu wa mtaa wenu kabla ya msimu wa kupanda miche mipya.