"Nimeituma Kama Nilivyoipokea": Acheni Huo Uongo Jamani

Leo nina hasira, na nitaisema kama ilivyo. Kuna sentensi moja ya Kiswahili inayowalisha matapeli kuliko nyingine zote: "Nimeituma kama nilivyoipokea." Mtu anakutumia picha ya mtoto mwenye mipira puani, namba ya simu ya kutumia pesa, halafu anaosha mikono kama Pilato. Mimi nasema aliyesambaza bila kuuliza naye ana sehemu yake katika wizi huo.

Ngoja niwasimulie. Wiki mbili zilizopita tangazo liliingia katika kundi letu la Wasapu la watu wa Kitai. Mtoto wa miaka minne, "wa hapa hapa Kitai", ana tundu kwenye moyo, amelazwa hospitali kubwa Dar es Salaam, zinatakiwa milioni 18 apelekwe India kabla ya Ijumaa. Chini kuna namba ya "mama mzazi". Saa moja haikupita, watu walishaanza kubandika jumbe za miamala: elfu tano, elfu kumi, dereva mmoja wa lori la makaa ya mawe elfu hamsini. Msimu wenyewe ndio huu wa kahawa, pesa ipo mikononi. Matapeli nao wana kalenda.

Kazi yangu ni kuandika habari, kwa hiyo nikafanya kile ambacho yeyote mwenye simu angeweza kukifanya. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji kilichotajwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza. "Hapa kwangu mtoto akiugua siku mbili najua. Huyo simjui, na hilo jina la baba yake silijui."

Hapo ndipo pa kuanzia, ndugu zangu, nyumbani kabla ya hospitali. Mgonjwa wa Kitai haruki kutoka kitandani kwake hadi Dar. Anapita zahanati, anapita Mbinga au Litembo, au Peramiho, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Songea. Kila kituo kinaacha watu waliomwona: muuguzi, jirani aliyembeba, bodaboda. Mgonjwa asiye na jirani hata mmoja anayemjua ni mgonjwa wa kutilia shaka.

Nikaichukua ile picha nikaitafuta kwa Google Lens. Ikatokea katika kurasa za nje ya nchi, imewekwa miaka mingi iliyopita. Jamaa yangu wa Songea naye akaniambia mtoto yule yule yumo katika kundi lao, ila huko ni wa Namtumbo! Mchezo huu si wa Bongo peke yake. Mwaka 2017 picha za mtoto mmoja wa Uingereza aliyekuwa na tetekuwanga zilisambazwa Fesibuku zaidi ya mara milioni moja, zikidai ana saratani na kwamba kila anayesambaza anamchangia matibabu. Mtoto alikwishapona zamani, na wazazi wake hawakuwa na habari. Lakini angalieni: picha isipoonekana popote, hilo halithibitishi kitu. Picha iliyopigwa jana wodini kwa siri haitaonekana mahali pengine, na mgonjwa aliyepigwa huenda hana taarifa.

Tuje kwenye hiyo India. Upasuaji wa moyo unafanyika hapa nchini. Muhimbili walianza mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wapo wanaohitaji kwenda nje, ni kweli, lakini mgonjwa wa rufaa ya Serikali anajadiliwa na jopo la madaktari na rufaa yake inapitia Wizara ya Afya. Kwa hiyo uliza: nani amempa rufaa, na barua iko wapi? Familia inaweza pia kuamua kwenda kwa gharama yake, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo itakuwa na makadirio ya gharama kutoka hospitali inayompokea, yenye jina la mgonjwa.

Wengi wanakosea wanapopiga simu hospitali na kuuliza, "Fulani anaumwa nini?" Hawatakwambia, na wana haki, kwani siri ya mgonjwa si ya kutolewa kwa kila mpiga simu. Kunyimwa jibu hakuthibitishi utapeli. Njia ni kumtaka ndugu anayemuuguza aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi hiyo ndiyo inayoshughulika na wagonjwa wasio na uwezo. Kisha wewe piga simu hospitalini, ndugu akiwa pale pale na akiwa ameridhia, uulize jambo moja tu: mgonjwa huyu yupo, na anadaiwa? Ila namba ya hospitali usiichukue kwenye tangazo lenyewe. Tapeli anaweza kuwa na "daktari" wake pembeni akisubiri simu yako. Itafute katika tovuti ya hospitali, au uliza hospitali ya wilaya.

Mwisho ni pesa, na hapa ndipo tapeli anakamatika. Hospitali za Serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Omba hiyo. Nenda nayo benki au kwa wakala wa benki, umwombe akusomee jina la taasisi na jina la anayedaiwa kabla hujalipa. Jina la taasisi ni muhimu, maana mjanja anaweza kukupa kontrol namba ya deni lake mwenyewe la mahali pengine. Kwa hospitali za kanisa kama Peramiho au Litembo, uliza ofisi ya mhasibu inapokelea wapi malipo, na udai risiti.

Mimi nilimwandikia yule "mama": "Nitumie kontrol namba, nilipe laki moja moja kwa moja hospitali." Akajibu hospitali imegoma kuitoa, nitume kwa simu yake haraka, mtoto anakata roho. Nikaanza kutuma shilingi elfu moja ili nione jina la usajili kabla ya kuweka namba ya siri. Likatokea jina la mwanamume, nikaghairi. Nilipomuuliza ni nani, akanifungia. Namba nimeituma TCRA kwenda 15040.

Mtaniambia: "Wewe mwandishi una roho mbaya, mtu anaumwa wewe unadai karatasi." Sikilizeni basi kilichofuata. Siku nne baadaye baba mmoja wa kitongoji cha jirani alipita na daftari la michango. Mtoto wake amevunjika mguu, yuko wodini, deni ni laki sita na nusu. Nimekwenda nimemwona kwa macho yangu. Watu wale wale waliotuma elfu kumi kwa tapeli wakamcheka: "Na wewe una tundu kwenye moyo?" Alipata elfu kumi na nane kijiji kizima.

Huyo ndiye aliyeibiwa. Waliochangia walipoteza elfu tano tano, yeye akapoteza imani ya majirani zake, na mtoto bado yuko kitandani.

Ninyi mliosambaza, deni lake lina namba ya malipo. Ninayo. Niulizeni, kisha mkaihakiki kama nilivyoeleza hapo juu, hata kama aliyewapa ni mimi.