Kilichorudi na kisichorudi

Wadau, juzi nimekwapuliwa simu Buhongwa nikigombania daladala. Niliporudisha laini, mazungumzo yangu ya Telegram yakarudi yote. Ya Signal, ambako sikuwasha nakala rudufu, hata mstari mmoja hakuna.

“Si unaona Telegram ilivyo bora?” mwenzangu wa chumba cha habari akanicheka.

Hapana, kaka! Kimerudi kwa sababu kilikuwa kwa mtu mwingine. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hukaa kwenye seva zake, na funguo anazo mwenye seva. Signal huyaacha ndani ya simu. Mwaka 2016, Marekani, Signal iliamriwa kutoa taarifa za mteja. Ilichokuwa nacho ni tarehe ya kujiunga na siku ya mwisho kuunganishwa. Basi!

Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaruhusu mwenye data kuamriwa aitoe. Asiyenayo atatoa nini?

Hatari inabaki kwenye simu yenyewe: kama haina nywila, mwizi anasoma. Yangu ilifungwa, na ujumbe hujifuta baada ya wiki.

Nimepoteza maelezo ya stori, sawa. Aliyeninong'oneza hajapotea.