Msusi akiondoka, wahi wateja kabla hawajafumua

Wadau wa saluni, msusi akiondoka wengi wetu tunakimbilia kuzuia hela yake ya mwisho, au kumkumbusha alisaini kwamba hatafungua saluni hapa Mwanza. Mimi naona hapo unapoteza muda. Sheria yetu ya mikataba haitambui makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi yake halali, na hela aliyoitolea jasho ni yake. Mteja naye si mbuzi wa kufungwa kamba.

Cha kupigania ni siku. Mteja wa rasta anakaa nazo wiki nne mpaka sita ndo anafumua. Msusi akiondoka leo, wateja wengi bado hawajaamua watasukwa wapi tena.

Msusi wangu alihama hapa Igoma akaenda Buzuruga, na siku hiyohiyo akaanza kuwapigia wateja. Mimi nina daftari: jina, namba, mtindo, tarehe ya kusuka. Laini ya simu ni ya saluni, sio ya msusi. Nikatoa wateja wake 30, nikawapanga kwa tarehe, nikaanza na waliofikisha wiki ya tatu. Waliosuka juzi nikawaacha kwanza, wasije wakasahau.

Nikawaandikia hivi: "Habari dada. Msusi wako hayupo nasi tena, tunamtakia heri. Rasta zako zinakaribia mwezi. Ukija kusuka kwetu, kufumua na kuosha ni bure. Tukuwekee siku gani?" Usimseme vibaya. Wateja wengi ni marafiki zake, maneno yatamfikia, halafu wewe ndo utaonekana mbaya.

Mahesabu yake: rasta ni 24,000, nagawana nusu kwa nusu na msusi, nabaki na 12,000. Binti wa kufumua na kuosha nikamlipa 2,000 kutoka kwenye fungu langu, nikabaki na 10,000. Msusi mpya alipata 12,000 yake kamili. Ukimkata yeye atasuka kwa kinyongo, na mteja hatarudi.

Walikuja 18. Ila aliyekuja mara moja usimhesabu, alifuata cha bure. Waliorudi mara ya pili, wakalipa bei kamili, ni 13. Nilipowauliza wengine, wengi walitaka zile rasta ndogondogo ambazo pale kwangu hakuna anayezisuka vizuri kama yule dada. Hao punguzo haliwarudishi, wamefuata mkono. Dawa ni kutafuta msusi mwenye mkono huo.

Na usisubiri mtu aondoke. Kila mteja apitie mikono miwili, mmoja aoshe na kufumua, mwingine asuke. Akiondoka mmoja, mteja bado ana mtu anayemjua pale ndani.