Kibarua Kisiitwe Somo la Vitendo

Hapa Babati tunajisifu kwamba wanachuo wetu wa kilimo hufundishwa kwa vitendo. Mimi napinga. Kumpa kijana jembe asubuhi na kumwita darasani mchana ili anakili sababu tulizokwisha kuziandika ni kibarua chenye alama za mtihani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shamba la shule liwe mahali ambapo wanafunzi wenyewe hupanga na kuamua. Tukachukua jembe, uamuzi tukauacha.

David Kolb, katika kitabu chake cha 1984, alieleza mzunguko wenye hatua nne: mtu hupata tukio halisi, hulitafakari, hulijengea dhana, kisha huijaribu dhana hiyo kwenye hali mpya. Ratiba zetu hutumia muda wote kwenye ya kwanza, nasi wahadhiri huinyakua ya tatu.

Chukua somo la jinsi udongo unavyonywa maji, kwa dakika 120. Kila kundi lipewe kopo lisilo na kitako wala mfuniko, lenye kipenyo cha sentimita 15. Kundi moja lididimize kopo lake sentimita 5 chini ya mbaazi, penye majani yaliyodondoka; jingine kwenye njia ya ng'ombe. Watandike nailoni ndani, wamimine mililita 440, yaani kina cha sentimita 2.5, waivute nailoni taratibu na kuhesabu dakika. Kisha warudie palepale, kwa maana udongo mkavu hunywa maji ya kwanza kwa pupa na kudanganya. Kipimo cha pili ndicho cha kuaminika. Udongo ukilowa nje ya kopo, maji yanavuja chini ya ukingo na kipimo hicho hakifai. Zikifika dakika 20 maji yangalipo, wapime kina kilichobaki kwa rula na kuacha.

Hapo zimekwisha dakika 50. Kumi na tano zinazofuata mhadhiri anyamaze kabisa (adhabu kubwa kwa watu wa kazi yetu!) na kila mmoja aandike alichokiona, hasa kilichomshangaza. Dakika 20 ni za kujenga dhana: wakitaja kwato na mboji, ndipo nami niyataje matundu ya udongo.

Zilizobaki, 35, ndizo tunazoziiba kila muhula. Kundi lichague mahali papya, labda ukingo wa tuta lenye majani, liandike makisio ya dakika kabla ya kumimina, kisha lipime. Makisio yakikosea mno, dhana yao ina kasoro, nao wameiona wenyewe. Bila makisio hayo ya maandishi, kila jibu litaonekana lilijulikana tangu mwanzo.

Wenzangu hujibu kwamba muda hautoshi. Basi tupunguze mada. Kijana huyu kesho ni afisa ugani, na mkulima atakayemuuliza kwa nini mvua inapita juu ya shamba lake hatakuwa na nakala ya daftari letu.