Duka la Matonge lisijengwe juu ya ngozi za ndugu

Wamaza – Ndugu aliyefika Ubelgiji anapotangaza kwamba anataka kufungua duka la mafuta ya nywele na ya ngozi, familia iliyobaki Kasongo au Kabambare huuliza kwanza: faida itaanza lini? Ni haki yao kuuliza, hasa pale ukoo ulipouza mbuzi ili kuchangia mtaji. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia hilo: ndani ya duka kutauzwa nini?

Jambo hili linaonekana wazi Matonge, mtaa wa Ixelles mjini Bruseli uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Waafrika huenda huko kutafuta nywele za kusuka, siagi ya shea, sabuni nyeusi na mafuta ya kichwa. Bidhaa hizo ni halali na zina wateja. Shida ni krimu za kujichubua, zinazopita mlango wa nyuma bila faktura.

Hesabu ya kopo moja inaonyesha kishawishi kilipo. Tuseme siagi ya shea inanunuliwa kwa yuro 4 kwa muuzaji wa jumla. Usafiri ni nusu yuro, na nusu nyingine inafidia makopo yatakayopita muda bila kuuzwa. Hapo ni yuro 5. Kodi ya nyumba, umeme na mshahara vinaongeza 3, na faida ni 1. Jumla ni yuro 9. Juu yake inakuja kodi ya serikali, ambayo Ubelgiji ni asilimia 21, yaani yuro 1 na senti 89. Mteja analipa yuro 10 na senti 89, na mwenye duka anabaki na yuro moja tu.

Sasa tuseme krimu ya magendo inanunuliwa kwa yuro 2 na kuuzwa kwa 7, bila kodi yoyote. Tena mteja wake hurudi, kwa sababu akiacha kupaka, weusi unarudi. Ndiyo maana wengine husema: «Wateja wenyewe wanaiomba.»

Jibu hilo ni la kujificha. Mteja anaomba weupe, haombi madhara. Hidrokinoni ikipakwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka. Klobetasoli ni dawa ya daktari. Ikifanywa mafuta ya kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo. Umoja wa Ulaya umekataza vitu hivi vyote katika krimu za kung'arisha ngozi. Wakaguzi wakivikuta dukani, mali inachukuliwa na faini inafuata. Hasara hiyo inarudi mpaka kwa mama wa Kabambare aliyeuza mbuzi wake.

Wengine wanatoa wazo lililo safi zaidi: nyumbani kuna mafuta ya kokwa za ngazi, ambayo wazee wamepaka nywele na watoto tangu zamani, basi yatumwe kwa chupa ndani ya valizi yakauzwe Bruseli. Hapo pia sheria haina huruma. Kabla mafuta hayajauzwa, mtaalamu lazima aandike ripoti ya usalama wake, na bidhaa iandikishwe katika mfumo wa Umoja wa Ulaya. Anayeyaingiza ndiye anayejibu yakimdhuru mtu. Duka changa lifanye kwanza kazi na muuzaji wa jumla aliyekwisha kupita njia hiyo.

Kopo la halali linatambulika. Etiketi yake ina jina na anwani ya mhusika aliye Ulaya, namba ya toleo, orodha ya vilivyomo, na tarehe ya mwisho au muda wa kutumia baada ya kufungua. Kopo lisilo na anwani hiyo likataliwe, hata bei ikiwa tamu. Krimu nyeupe inayogeuka kahawia ikipata hewa nayo itiliwe shaka, maana hidrokinoni hufanya hivyo.

Wengine watasema duka safi ni ghali na wateja watakimbia. Wachache watakimbia kweli. Lakini kwa watu wa ugenini, wanaokutana kanisani, msikitini na kwenye matanga, uso mmoja ulioharibika unatangaza duka kuliko redio. Mwenye duka aandike bei wazi, aeleze kwa nini ni yuro 11 na si 7, na asione haya kumwambia mteja: «Hiyo hatuuzi.»

Familia nazo zisiwe za kusukuma faida tu. Kabla ya kutuma mchango mwingine, ziombe picha mbili kwa simu: faktura ya bidhaa, na upande wa nyuma wa kopo. Ndugu asiyeweza kuzionyesha asitumiwe hata faranga.